Ritifaa ya Ng'ombe: Safari ya Data Kutoka Lahajedwali Hadi Hifadhidata

Karani wa ushirika mmoja wa wafugaji aliniletea faili la lahajedwali lenye orodha ya mifugo ya wanachama: namba ya hereni ya sikioni, aina ya mnyama, tarehe ya kuzaliwa, uzito na maelezo mafupi. Kwa miaka kadhaa orodha hiyo ilikuwa ikijazwa na mikono tofauti, huyu leo, yule kesho. Sasa ushirika ulikuwa umepata hifadhidata yake, na msimamizi wa hifadhidata hiyo alitaka kitu kimoja tu: faili la amri za SQL, kila mnyama na amri yake, alipitishe kwenye seva.

Nikaandika fomula moja kando ya mstari wa kwanza, nikaivuta hadi chini, nikanakili matokeo na kumtumia. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa:

```
ERROR:  syntax error at or near "ombe"
```

Aliyevunja kazi alikuwa ng'ombe. Nikarekebisha, amri zote zikapita, tukapeana hongera. Wiki chache baadaye karani akanipigia simu. "Kaka," akasema, "ripoti inasema tuna ng'ombe aliyezaliwa mwaka 1899."

Kosa la kwanza lilipiga kelele, na likatibiwa siku ileile. Kosa la pili halikusema neno. Liliingia taratibu, likakaa ndani ya jedwali kama data halali, na lingeendelea kukaa humo kama karani asingekuwa na jicho kali. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kutengeneza amri za INSERT kutoka lahajedwali ni kazi ya nusu saa, lakini ugumu wake wote umo katika kuyafanya makosa ya kimya yapige kelele mapema. Makosa hayo hupitia milango mitatu: ritifaa, seli tupu na tarehe.

Fomula ya kwanza, ile inayovunjika

Hifadhidata hupanga taarifa katika majedwali, na kila safu ya jedwali hutangazwa mapema kwamba itabeba kitu cha aina gani. Jedwali letu la mifugo lilikuwa hivi:

```
CREATE TABLE mifugo (
  hereni   VARCHAR(10) PRIMARY KEY,
  aina     VARCHAR(20) NOT NULL,
  kuzaliwa DATE,
  uzito    DECIMAL(6,1),
  maelezo  VARCHAR(200)
);
```

Hereni, aina na maelezo ni maandishi. Kuzaliwa ni tarehe, uzito ni namba. Hereni ni maandishi ingawa huandikwa kwa tarakimu, kwa sababu sifuri zilizo mbele ya 0047 ni sehemu ya utambulisho wa mnyama, na hakuna anayejumlisha hereni.

Katika lahajedwali, safu A hadi E zilibeba vitu hivyo vitano kwa mpangilio huohuo, na data ilianzia mstari wa 2. Fomula ambayo karibu kila mtu huanza nayo ni hii:

```
="INSERT INTO mifugo VALUES ('"&A2&"', '"&B2&"', '"&C2&"', "&D2&", '"&E2&"');"
```

Alama ya & huunganisha vipande. Kilichomo ndani ya alama za mtajo huandikwa kama kilivyo. A2, B2 na wenzake hubadilishwa na yaliyomo kwenye seli. Ritifaa zinazoonekana humo haziihusu Excel hata kidogo. Zinaihusu SQL, ambayo hutambua maandishi kwa kuyakuta yamefungwa kati ya ritifaa mbili. Namba haifungwi, ndiyo maana D2 imeachwa wazi.

Faida ya njia hii ni kwamba zao lake ni maandishi matupu. Yanasomeka kwa macho, yanatumwa kwa barua pepe, na msimamizi anaweza kuyakagua kabla ya kuyapitisha kwenye seva ambayo wewe huna ruhusa ya kuigusa. Udhaifu wake ni kwamba fomula hii inaamini kila kilichomo kwenye seli.

Ritifaa: mlango unaofungwa kabla ya wakati

Angalia kinachotokea fomula ikikutana na neno ng'ombe:

```
INSERT INTO mifugo VALUES ('0047', 'Ng'ombe', ...
```

Hifadhidata inasoma kutoka kushoto. Inaona ritifaa, inajua maandishi yameanza. Inasoma N na g. Inaona ritifaa nyingine, inahitimisha kwamba maandishi yamekwisha: thamani ni "Ng". Inategemea mkato, lakini inakutana na "ombe", neno lisilo na maana yoyote kwake, na hapo ndipo inapolalamika. Ujumbe nilioletewa ulikuwa wa kweli kabisa.

Waandishi wa Kiingereza hukutana na shida hii mara mojamoja, kwenye majina machache ya ukoo. Sisi hukutana nayo kila siku, kwa sababu ritifaa ndiyo inayobeba sauti ya ng' katika maandishi yetu: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa. Imo katika majina ya mahali kama Murang'a nchini Kenya, Nyang'hwale mkoani Geita na Ng'ambo ya mjini Zanzibar. Orodha yoyote ya Kiswahili yenye mistari mia moja karibu lazima iwe nayo.

Dawa iko ndani ya SQL yenyewe. Ritifaa mbili zikifuatana ndani ya maandishi, hifadhidata huzisoma kama ritifaa moja ya kawaida na kuendelea. Kwa hiyo tunaandika `'Ng''ombe'`, na kinachohifadhiwa ni Ng'ombe. Fomula ya SUBSTITUTE huifanya kazi hiyo:

```
="'"&SUBSTITUTE(B2,"'","''")&"'"
```

Wapo wanaokimbilia njia nyingine: kuyafunga maandishi kwa alama za mtajo badala ya ritifaa. MySQL katika mpangilio wake wa kawaida hukubali. PostgreSQL haitakubali, kwa sababu kwa kanuni ya SQL alama za mtajo hufunga majina ya safu na majedwali, si maandishi. Itakuambia haina safu inayoitwa Ng'ombe. Kuzidisha ritifaa hufanya kazi kotekote.

MySQL ina tahadhari yake moja. Mkwaju wa nyuma, yaani alama ya \, kwake ni alama maalumu ndani ya maandishi, na ukikaa mbele ya ritifaa huivuruga hesabu yetu. Kama data yako inaweza kuwa na mkwaju huo, uzidishe nao kwa SUBSTITUTE ya pili. PostgreSQL kwa mpangilio wake wa sasa huuacha kama ulivyo.

Hadi hapo tumezungumzia ritifaa inayopiga kelele. Kuna nyingine, na hii ndiyo iliyonisumbua zaidi. Simu na programu za kuandikia barua hupenda kuibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda: Ng'ombe ikawa Ng’ombe. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Ya kwanza ina namba 39, ya pili ina namba 8217. Iliyopinda haifungi maandishi, kwa hiyo amri inapita bila neno. Kisha mtu anatafuta wanyama wote wa aina ya Ng'ombe, na wale walioandikwa kwa ritifaa iliyopinda hawatokei. Hawajapotea, wamo jedwalini, ila hawaitiki wakiitwa.

Ukitaka kujua seli ina ipi, iulize herufi ya tatu ya neno hilo ni ya namba gani:

```
=UNICODE(MID(B2,3,1))
```

Jibu likiwa 8217 au 8216, geuza kwanza ritifaa iliyopinda kuwa iliyonyooka, halafu ndipo uizidishe. Utaratibu huo haupinduliwi: ukizidisha kwanza, iliyopinda itanyooshwa baadaye ikiwa moja peke yake, na utarudi kwenye kosa la mwanzo.

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(8217),"'"),UNICHAR(8216),"'"),"'","''")
```

Seli tupu: kutojua si sifuri

Mstari wa pili wa orodha ulikuwa wa mbuzi mwenye hereni 0048. Tarehe ya kuzaliwa haikujulikana, na safu ya maelezo ilikuwa tupu. Mstari wa tatu ulikuwa wa ng'ombe ambaye hakuwa amepimwa uzito. Fomula ya kwanza hushughulikia utupu huo kwa namna tatu tofauti, zote mbaya.

Kwenye uzito, ambao haufungwi kwa ritifaa, seli tupu huacha mikato miwili ikitazamana na hewa katikati yake. Hifadhidata inakataa. Hilo ni kosa la kelele, na tunalishukuru.

Kwenye maelezo, seli tupu hutoa ritifaa mbili zisizo na kitu ndani. Hifadhidata nyingi huyapokea hayo kama maandishi halali yenye urefu wa sifuri. Si sawa na kusema hatuna taarifa. SQL ina neno lake la kutokuwa na taarifa, NULL, nalo huandikwa bila ritifaa. Ukiliandika ndani ya ritifaa, utakuwa umehifadhi neno lenye herufi nne, na siku moja ripoti itaonyesha mnyama ambaye maelezo yake ni "NULL". Oracle ni ya peke yake hapa: yenyewe huyachukua maandishi matupu kuwa ni NULL. PostgreSQL, MySQL na SQL Server hutofautisha.

Namna ya tatu huletwa na binadamu, si fomula. Mtu akiona kosa la mikato miwili, anajaza 0 katika seli zote tupu za uzito na kosa linaondoka. Hesabu inayofuata ndiyo inayolipa gharama. Tuseme wanyama watatu wana uzito wa kilo 250, haijulikani, na 310. Ukiacha NULL, SQL inapotafuta wastani humruka asiyejulikana na kupata 280. Ukiweka sifuri, inagawa 560 kwa watatu na kupata 186.7. Mganga wa mifugo akikadiria dawa ya minyoo kwa wastani huo, atawapa wanyama dozi pungufu, na hakuna ujumbe wa kosa utakaomwonya.

Kwa hiyo kila seli ipite kwanza kwenye swali: kuna kitu humu? Kama hakuna, andika NULL bila ritifaa. Kama kipo, kifunge.

```
=IF(TRIM(B2)="","NULL","'"&SUBSTITUTE(TRIM(B2),"'","''")&"'")
```

TRIM ina kazi yake hapo. Seli nyingi zinazoonekana tupu zina nafasi moja iliyoachwa na kidole kilichogusa kibodi, na Excel haizihesabu kuwa tupu. Ukitumia ISBLANK utadanganyika. TRIM huondoa nafasi hizo kwanza, kisha ndipo swali linaulizwa. Haiondoi, hata hivyo, nafasi maalumu yenye namba 160 inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti. Hiyo igeuze kuwa nafasi ya kawaida kwa SUBSTITUTE yenye CHAR(160).

Kuna utupu mwingine ambao hakuna fomula inayoweza kuukisia. Katika orodha yetu, mkono mmoja uliandika kistari pale ambapo hapakuwa na taarifa, mwingine aliandika "hakuna", mwingine "sijui". Haya yanataka mazungumzo na aliyeandika. "Hakuna" kwenye maelezo inaweza kumaanisha mnyama hana tatizo lolote, na hiyo ni taarifa, si utupu. Tulikaa na karani tukayapitia moja moja.

Tarehe: unachokiona siyo kilichomo

Seli C2 ilionyesha 15/03/2023. Fomula ikatoa hiki:

```
'45000'
```

Lahajedwali halihifadhi tarehe. Huhifadhi idadi ya siku, na kile unachokiona ni vazi tu lililovikwa namba hiyo. Excel huihesabu tarehe 1 Januari 1900 kuwa siku ya 1, na kwa hesabu hiyo 15 Machi 2023 ni siku ya 45000. Alama ya & huivua namba vazi lake na kutoa mwili wenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa hereni: kama seli ina namba 47 iliyovikwa sifuri mbili mbele ili ionekane 0047, fomula itatoa 47, na dawa yake ni `TEXT(A2,"0000")`.

Ndani ya hesabu ya Excel kuna siku ambayo haikuwahi kuwapo. Excel inaamini mwaka 1900 ulikuwa na 29 Februari, jambo ambalo si kweli. Kosa hilo lilikuwa katika Lotus 1-2-3, programu iliyotawala kabla yake, na Excel ikalichukua kwa makusudi ili mafaili ya Lotus yafunguke bila kubadilika. LibreOffice Calc haikulichukua. Badala yake ilisogeza mwanzo wa hesabu: sifuri yake ni 30 Desemba 1899, ili kuanzia 1 Machi 1900 namba zake zilingane na za Excel.

Hapo ndipo alipozaliwa ng'ombe wetu wa 1899. Nilikuwa nimelifungua faili la karani kwenye LibreOffice. Nilikuwa nimeitibu tarehe kwa fomula ya TEXT, ambayo huivika namba vazi tunalolitaka, lakini sikuuliza kama seli ilikuwa na kitu. Seli tupu ikihesabiwa ni sifuri. Sifuri ikivikwa vazi la tarehe katika LibreOffice ni 1899-12-30, siku halali ya kalenda, na PostgreSQL ikaipokea. Kama ningefanya kazi ileile kwenye Excel, ningepata 1900-01-00, siku isiyokuwapo, na hifadhidata ingekataa palepale. Kosa ni lilelile; programu moja ilinisaliti kimya, nyingine ingenionya.

Umbo la tarehe la kutumia ndani ya amri ni mwaka, mwezi, siku, kwa vistari, ndani ya ritifaa: `'2023-03-15'`. Ndilo umbo la kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, na ubora wake ni kwamba haliwezi kusomwa kwa namna mbili. 03/04/2022 kwa msomaji wa Dodoma au Mombasa ni tarehe 3 Aprili; kwa kompyuta iliyopangwa Kimarekani ni tarehe 4 Machi. Usisahau ritifaa: ukiandika 2023-03-15 bila kuifunga, hifadhidata itaona hesabu ya kutoa, na jibu lake ni 2005. PostgreSQL na MySQL zitakataa kuiweka namba hiyo kwenye safu ya tarehe. SQLite, ambayo haina aina halisi ya tarehe, itaipokea bila kusita. Kwa Oracle, andika neno DATE mbele ya ritifaa. Kwa SQL Server umbo lisilo na utata ni lile lisilo na vistari, `'20230315'`.

```
=IF(TRIM(C2)="","NULL",
 IF(ISNUMBER(C2),"'"&TEXT(C2,"yyyy-mm-dd")&"'","KAGUA"))
```

Wasomaji wa Goma na Bujumbura ambao kompyuta zao ziko kwa Kifaransa watakuta vazi hilo huandikwa "aaaa-mm-jj", na namba za desimali huja na mkato: 312,5. Mkato huo ndani ya amri huifanya namba moja kuwa mbili, kwa hiyo kwenye safu ya uzito ugeuze kuwa nukta kwa SUBSTITUTE.

Neno KAGUA nimeliweka bila ritifaa kwa makusudi. ISNUMBER huuliza kama seli ina namba ya kweli. Kama ina maandishi yanayofanana na tarehe, kwa mfano "Machi 2021" au 25/04/2022 iliyoandikwa kama herufi tupu, amri itabeba neno KAGUA, na hifadhidata itakataa kwa kusema haijui safu yenye jina hilo. Tumelichukua kosa la kimya na kulifunga kengele shingoni.

Lakini hata kengele hiyo haitoshi kwa mtego mmoja, na ndio mbaya kuliko yote. Faili la maandishi lenye tarehe za kwetu likifunguliwa kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani, kila tarehe yenye siku kati ya 1 na 12 hugeuzwa kuwa tarehe halisi, siku na mwezi vikiwa vimebadilishana. Zile zenye siku zaidi ya 12 hazisomeki kwa Kimarekani, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, kwa hivyo hubaki maandishi. Safu moja inakuwa na data ya aina mbili: nusu iliyoharibika inapita salama, nusu iliyo sahihi inapigiwa kengele. Mtu anarekebisha zile zilizolia na kuziacha zilizonyamaza.

Dalili huonekana kwa macho. Kama hakuna aliyeugusa mpangilio wa seli, tarehe za kweli hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi hukaa kushoto. Ukiona safu imegawanyika, chuja za kulia peke yake. Kama hakuna hata moja yenye siku inayozidi 12, zote zimepinduliwa. Usijaribu kuzinyoosha moja moja. Rudi kwenye faili la awali, liingize upya kupitia dirisha la kuingizia, na uitangaze safu hiyo kuwa ya siku, mwezi, mwaka. Kama faili la awali limepotea na tarehe nyingine zilijazwa kwa mkono baadaye, hakuna fomula inayoweza kuzitenganisha. Itabidi kurudi kwenye daftari la zizini.

Kuunganisha vipande

Usiyaweke haya yote katika fomula moja ndefu. Haitasomeka, na ikikosea hutajua imekosea wapi. Tenga safu tano za kusafishia, G hadi K, kila moja ikishughulikia safu moja ya asili. Maandishi yapate fomula ya maandishi, tarehe ya tarehe. Uzito upate hii:

```
=IF(TRIM(D2)="","NULL",
 IF(ISNUMBER(D2),SUBSTITUTE(D2,",","."),"KAGUA"))
```

Kisha safu L iunganishe tu:

```
="INSERT INTO mifugo (hereni, aina, kuzaliwa, uzito, maelezo) VALUES ("&G2&", "&H2&", "&I2&", "&J2&", "&K2&");"
```

Safari hii majina ya safu yametajwa, ili jedwali likiongezwa safu mpya kesho, amri zisiingize kitu mahali pasipo pake. Mistari mitatu ya kwanza ya orodha ilitoa thamani hizi:

```
('0047', 'Ng''ombe', '2023-03-15', 312.5, 'Alinunuliwa Murang''a')
('0048', 'Mbuzi', NULL, 28, NULL)
('0049', 'Ng''ombe', '2022-04-03', NULL, 'Ametoka ng''ambo ya mto')
```

Unaponakili safu L kwenda kwenye faili la maandishi, angalia kama kuna amri iliyozungushiwa alama za mtajo. Hiyo ni dalili kwamba seli ya asili ina mstari uliokatwa kwa kubonyeza Alt na Enter. Ondoa mkatiko huo kwa `SUBSTITUTE(E2,CHAR(10)," ")` katika safu ya kusafishia.

Kuhakiki kabla ya kukubali

Amri zisipitishwe hivihivi. Zifungwe ndani ya muamala, yaani kifurushi ambacho kinaweza kurudishwa chote kama kilivyokuja:

```
BEGIN;
-- amri zote za INSERT hapa
SELECT COUNT(*), COUNT(kuzaliwa), MIN(kuzaliwa), MAX(kuzaliwa)
FROM mifugo;
SELECT aina, COUNT(*) FROM mifugo GROUP BY aina;
SELECT COUNT(*) FROM mifugo
WHERE EXTRACT(DAY FROM kuzaliwa) > 12;
ROLLBACK;
```

ROLLBACK hurudisha kila kitu, kwa hiyo mara ya kwanza hakuna kinachobaki. Tunachotaka ni majibu ya maswali matatu.

La kwanza hutoa idadi ya mistari, idadi ya tarehe zilizojazwa, na tarehe ya zamani na ya karibuni kuliko zote. Tarehe ya zamani ikiwa 1899, unajua seli tupu imepenya. Idadi ya mistari ukitoa idadi ya tarehe lazima ilingane na jibu la `=COUNTIF(I:I,"NULL")` katika lahajedwali.

La pili huorodhesha aina za wanyama. Kama neno Ng'ombe linatokea mara mbili, kila moja na hesabu yake, macho yako hayana kasoro: moja lina ritifaa iliyopinda, au lina nafasi iliyojificha.

La tatu huhesabu waliozaliwa baada ya tarehe 12 ya mwezi. Katika mwaka wa siku 365, siku 221 ziko baada ya tarehe 12, kwa hiyo katika orodha kubwa tunategemea wanyama kama sita katika kila kumi. Wakiwa wachache mno, au hakuna kabisa, tarehe zimepinduliwa.

Majibu yote yakikubaliana na lahajedwali, badilisha ROLLBACK kuwa COMMIT na uipitishe tena.

Njia hii ina mipaka yake. Inafaa orodha ambayo wewe na mwenye data mnaweza kuipitia pamoja. Data ikijazwa na watu usiowajua, seli inaweza kubeba amri iliyofichwa nyuma ya ritifaa kwa nia mbaya, na hapo fomula si ulinzi wa kutegemea. Tumia programu inayotuma thamani kando na amri. Mistari ikiwa laki kadhaa, nyenzo za kuingiza faili zima, kama COPY ya PostgreSQL na LOAD DATA ya MySQL, ni za haraka zaidi. Hata hizo zitakuuliza maswali yaleyale kuhusu utupu na tarehe.

Orodha ya ushirika tuliirudia tangu mwanzo. Safari hii neno KAGUA lilijitokeza kwenye mistari kadhaa, na karani akaenda na daftari lake kwa wenye mifugo kuwauliza. Swali la kwanza lilipopitishwa, tarehe ya zamani kuliko zote ilikuwa ya ng'ombe mzee ambaye karani alimjua kwa jina. Akacheka kwenye simu, akasema, "Huyo ni kweli." Ndipo nikamwambia msimamizi aandike COMMIT.